Tafakuri ya Ramadhani 18: Safari mbili za Nabii Musa na barua ya kuacha kazi



Leo nawaletea swali la ndugu yetu mmoja. Ameniruhusu nilisimulie, bila jina lake wala la kampuni anayofanyia kazi. Usiku wa tarehe 15, baada ya tarawehe, alibaki msikitini mpaka watu wote walipotoka. Akatoa simu, akanionyesha barua ya kuacha kazi. Nilidhani ameiandika siku hiyo. Kumbe ina miaka miwili ndani ya simu, kila mwezi anabadilisha tarehe tu. Akaniuliza: "Sheikh, nikiituma hii, nitakuwa nimewadhulumu wanangu? Maana nikikaa, mimi mwenyewe nitaisha."

Ana miaka 46. Ni mtunza stoo wa kampuni ya pembejeo, mbegu na mbolea na viuatilifu, mwaka wa 14 sasa. Miaka minane ya mwanzo alifanya kazi kwa raha. Miaka sita hii ni ugomvi na msimamizi wake. Anafokewa mbele ya vijana wa kupakia mizigo, amepewa barua mbili za onyo kwa makosa anayosema si yake, na mara kadhaa ameambiwa asaini kuwa mzigo umeingia kamili wakati yeye hajauhesabu. Mke wake anachojua ni kwamba baba wa watoto siku hizi anarudi nyumbani kimya.

Sasa wewe unayesoma, usiseme haraka "aache, riziki inatoka kwa Allah", wala usiseme haraka "avumilie, ana watoto". Majibu yote mawili nimeyasikia vijiweni, na yote mawili humwacha mtu palepale alipokuwa. Hebu tuanze na Qur'an.

Fungua Surat Al-Qasas, aya ya 20 mpaka ya 29. Humo Nabii Musa (a.s.) anaondoka mahali mara mbili, na kuondoka huku hakufanani na kule. Mara ya kwanza yuko Misri. Mtu anamjia mbio kutoka mwisho wa mji, anamwambia kwamba wakubwa wanashauriana wamuue. Musa anatoka saa ile ile. Hana masurufu, hana mwenyeji, hajui atalala wapi. Na Qur'an inasema wazi kwamba alitoka akiwa na khofu, akiangalia huku na huku. Mara ya pili yuko Madyan. Ameajiriwa kuchunga wanyama wa mzee mmoja mwema (Qur'an haikumtaja jina, wafasiri wengi husema ni Shuayb na wengine wanasema siye). Mapatano yalikuwa miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake. Ibn Abbas (r.a.) aliulizwa Musa alitimiza muda upi, akajibu kuwa ni ule mrefu zaidi, imo katika Bukhari. Alipoumaliza ndipo akaondoka, na safari hii akaondoka na ahli zake.

Angalia hilo vizuri. Hatari ilipokuwa juu ya roho yake, hakungoja hata kufunga mzigo. Pale palipokuwa na mapatano na familia, alimaliza muda kwanza. Na khofu ilikuwemo tangu mwanzo: ukisoma kisa chote katika sura hii utaikuta imetajwa zaidi ya mara moja, na mwenye khofu ni Mtume. Kwa hiyo yule aliyemwambia ndugu yetu kwamba anaogopa kwa sababu imani yake ni ndogo, alimwonea.

Basi nikamwuliza: ndugu yangu, safari yako ni ipi katika hizi mbili? Uko Misri au uko Madyan?

Alifikiri sana. Akasema, "Kufokewa kule ni Madyan, Sheikh. Nimezoea, ingawa kunaniumiza. Ila ile ya kusaini…" Akanyamaza.

Na hapo ndipo penyewe. Katika mgogoro wake mmoja mlikuwa na mambo mawili, na alikuwa ameyafunga kwenye gunia moja. Jambo la kwanza ni adha: maneno, dharau, barua za onyo. Hilo lina subira, lina mashauriano, lina taratibu. Jambo la pili ni kuandika uongo kwa mkono wake. Anaposaini kuwa mifuko 400 ya mbolea imeingia na hajaihesabu, ametoa ushahidi wa asichokiona, na mali ile ni ya watu. Hili halingoji mavuno, halingoji akiba. Linaachwa leo. Lakini kuacha kusaini si lazima kuwe ni kuacha kazi! Hapo ndipo alipokuwa amekwama miaka miwili. Akilini mwake palikuwa na milango miwili tu, asaini au aondoke. Mlango wa tatu ni kukataa kusaini na kubaki kwenye kiti chake.

Tukaandika pamoja maneno atakayotumia, mafupi, hayana matusi: "Nitasaini baada ya kuhesabu. Nisipopewa nafasi ya kuhesabu, nitaandika kwenye hati kwamba mzigo umepokelewa bila kuhesabiwa na mimi." Aandike hivyo, aweke tarehe, na abaki na nakala au picha yake. Wakimfukuza kwa hilo, atakuwa amefukuzwa. Hakuacha mwenyewe, na tofauti yake ni kubwa, nitaieleza mbele kidogo. Na ikifika mahali hawezi kabisa kubaki pale bila kusaini uongo, basi hiyo ni Misri, aondoke hata kama akiba haitoshi. Ndio mahali pake hasa pa ile ahadi ya Surat At-Talaq, aya ya 2 na ya 3, kwamba anayemcha Allah hufunguliwa njia ya kutokea. Sisi tumezoea kuisoma aya hiyo kila tunapotaka kuacha jambo linalotuchosha. Inaanza na taqwa, lakini.

Tukaja kwenye watoto. Nafaka ya mke na watoto ni wajibu juu ya mwanaume, hilo kila mtu analijua. Kisichojulikana sana ni kipimo chake. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, chakula cha mke hupimwa kwa hali ya mume: mwenye uwezo mudi mbili kwa siku, wa kati mudi moja na nusu, asiye na uwezo mudi moja. Msingi wake ni Surat At-Talaq tena, aya ya 7, kwamba kila mtu atoe kwa kadiri ya alichopewa. Kwa hiyo mtu akitoka kwenye mshahara akaingia kwenye biashara ndogo, akala ugali na mlenda pale alipokuwa anakula wali, hajadhulumu mtu. Kipimo kinashuka pamoja na hali yake. Lakini kipimo hakishuki mpaka sifuri. Na nafaka ya mke isipotolewa inabaki deni shingoni mwa mume, hata kama mke amenyamaza kwa heshima. Hili la deni huwa linatushtua kidogo tukilisoma darsani.

Basi nikamwambia alete hesabu. Kesho yake baada ya Alasiri akaja na daftari. Natoa hesabu yake kama ilivyo, kwa sababu huenda na wewe unayo ya namna hii kichwani na hujawahi kuiweka kwenye karatasi.

Matumizi ya nyumba kwa mwezi ni shilingi 380,000: chakula 210,000, mambo ya shule 60,000, mama yake mzazi 40,000, na umeme, maji, nauli na dawa 70,000. Akiba yake ni 2,400,000. Mpango wake ni kuacha kazi baada ya Idi, kununua mahindi wakati wa mavuno, kuyahifadhi, na kuyauza yakipanda bei mwishoni mwa mwaka. Kuanzia Aprili mpaka Desemba ni miezi 9, na miezi 9 kwa 380,000 ni 3,420,000. Upande wa pili ameandika akiba 2,400,000 na mapato ya mke wake, ambaye anashona, 120,000 kwa mwezi, yaani 1,080,000. Jumla 3,480,000. Inatosha na inabaki elfu 60! Alikuwa ameipigia mstari mara mbili.

Nikamwuliza, "Hii ya mama watoto, umemwomba?" Akasema, "Bado, lakini si ni mke wangu?"

Ndugu zangu, mapato ya mke ni mali ya mke. Akitoa kwa radhi yake ni sadaka kwake na ana ujira, na aya ya 4 ya Surat An-Nisaa imeweka sharti hilo la radhi ya moyo hata kwenye mahari. Lakini mume hana ruhusa ya kuyaingiza kwenye daftari lake kama vile ni mahindi ya shamba lake. Nikauliza tena: "Una deni?" Akasema analo, shilingi 800,000 za shemeji yake, alizokopa kujenga upya ukuta wa nyumba baada ya tope la Desemba 2023. Deni hilo halikuwemo kwenye daftari. Na mtaji wa kununulia mahindi uko wapi? "Nilifikiri nitakopa."

Hesabu ikawa hivi basi. Akiba 2,400,000, toa deni 800,000, inabaki 1,600,000. Gawanya kwa 380,000, ni miezi minne na siku chache. Akianza Aprili, kufika katikati ya Agosti nyumba imekauka, mahindi ndiyo kwanza yanaingia sokoni, na hajanunua hata gunia moja. Akafunga daftari. Nilimwona usoni, nikaogopa nimemvunja moyo. Lakini alichosema ni hiki: "Kwa hiyo si woga. Ilikuwa ni hesabu." Miaka miwili alikuwa akijilaumu kwamba ni mwoga kwa kutoituma barua ile, kumbe kuna kitu ndani yake kilikuwa kinajua kwamba mahesabu hayakai.

Khofu nyingine, kwa kweli, zilikuwa za namna tofauti. Nilimwomba ataje anachoogopa kimoja kimoja. Njaa ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilikuwa wakwe watasema nini, ya pili ni vijana aliowafundisha kazi wataonaje akionekana sokoni na mizani. Khofu ya watoto kulala njaa ina haki ya kukaa kwenye kikao na kupiga kura. Hii ya wakwe na vijana tuliitoa nje.

Na mimi sina pa kujitapa hapa. Kabla ya kuja kwenu nilifundisha shule moja, nikakosana na mkuu wangu, nikaondoka katikati ya muhula kwa hasira, bila barua, bila kukabidhi hata madaftari ya wanafunzi. Nilijiona shujaa kwa wiki moja hivi. Miezi minne iliyofuata aliyelisha nyumba yangu ni baba mkwe, na hakuwahi kuniambia neno. Ile kutoambiwa neno ndiyo inanikumbusha mpaka leo.

Sasa upande wa haki zake kazini, maana watu wengi hupoteza hapa kwa kutojua. Allah ametuamuru mwanzoni mwa Surat Al-Maida tutimize mikataba, na mkataba una pande mbili: utimize wako, na uujue wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku zisizopungua 28, na kama mkataba umeandika zaidi, ni hiyo ya mkataba. Ukiondoka bila notisi, mwajiri anaweza kukata kwenye haki zako. Kuna mshahara wa siku ulizofanya kazi na malipo ya likizo uliyolimbikiza. Kuna pia hati ya utumishi, ambayo usiondoke bila kuidai.

Na barua yenyewe inasema nini? Yake ilisema anaacha kazi "kwa sababu binafsi". Maneno hayo matatu ni mepesi kuandika, lakini yanafunga mlango. Sheria yetu inamtambua pia mfanyakazi aliyelazimika kuondoka kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike, na humhesabu kama aliyeachishwa. Lakini anatakiwa aonyeshe hayo: kwamba alilalamika kwa utaratibu wa kazini, kwamba ana maandishi, na kwamba alipeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu ajira ikome. Ukiandika "sababu binafsi" kisha baada ya miezi mitatu ukaenda Tume kusema ulinyanyaswa, utaulizwa mbona barua yako haikusema. Kwa hiyo kabla ya barua ya kuacha kazi kuna barua nyingine inatakiwa itangulie, ya malalamiko, yenye tarehe na matukio. Miaka sita ya ugomvi na hajawahi kuandika hata moja! Yote yalikuwa ya mdomo.

Kuna na NSSF. Anayeacha kazi kwa hiari hapati fao la kukosa ajira. Fao hilo ni la aliyepoteza kazi bila yeye kuiacha. Ndiyo ile tofauti niliyosema juu. Na pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi 180. Ndugu yetu alipiga hesabu ya miaka 14, akapata miezi 168, imebaki 12. Nikamwambia usihesabu kwa kichwa, nenda ukaombe taarifa ya michango yako. Akaenda. Akakuta miezi 161. Miezi saba alikatwa kwenye mshahara na haikuonekana kwenye akaunti yake. Hili hutokea, na mara nyingi mtu hugundua siku ya kustaafu, mwajiri ameshahama au amefunga ofisi. Dawa yake ni zile karatasi za mshahara, zinazoonyesha makato ya kila mwezi. Anazo, Alhamdulillah, mkewe amezitunza kwenye sanduku la nguo. Kalipeleka NSSF, na ni rahisi kulifuatilia sasa akiwa bado mfanyakazi pale. Na wanaojiajiri nao NSSF inapokea michango yao, kwa hiyo siku akitoka anaweza kuendelea kuchangia. Aulize ofisini kwao jinsi miezi yake ya zamani itakavyounganishwa.

Jambo moja la stoo, na hili nalisisitiza kwa kila mwenye funguo za mali ya watu. Mtunza stoo haondoki kwa barua peke yake. Anaondoka kwa makabidhiano: mzigo uhesabiwe mbele ya anayepokea na shahidi, upungufu uandikwe, wote wasaini, na yeye abaki na nakala. Asipofanya hivyo, chochote kitakachopotea mwezi unaofuata kitaandikwa jina lake. Binti wa yule mzee wa Madyan alipompendekeza Musa aajiriwe, alitaja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Karatasi ya makabidhiano ndiyo inayotoka na uaminifu wako mlangoni.

Tukaja kwenye biashara yenyewe, maana hata mimi nilikuwa na shaka. Mtu wa miaka 46 anaanzia wapi? Nikakumbuka Abdurrahman bin Awf (r.a.) alipofika Madina hana kitu, katika umri wa miaka arobaini na kitu hivi. Saad bin Rabi akamtolea nusu ya mali yake. Akamwombea baraka na akauliza soko liko wapi. Akaenda soko la Banu Qaynuqa, akarudi na faida ya samli na jibini kavu. Huwa tunasimulia kisa hiki kama muujiza wa kuanzia sifuri. Lakini Abdurrahman alikuwa mfanyabiashara tangu Makka. Mji ulibadilika, ujuzi alikuja nao.

Na huyu wetu ana ujuzi gani? Miaka 14 anapambana na unyevu, panya na wadudu, na mizani anaijua. Alinionyesha namna ya kupima mahindi kama yamekauka: unatia kiganja cha mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, unatikisa, unaacha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado mabichi. Yakiwa makavu unayaweka kwenye mifuko ya tabaka tatu, miwili ya nailoni ndani na mmoja wa kiroba nje, kila mmoja unafungwa peke yake, na dumuzi hufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Ukifunga mahindi mabichi humo, umefungia ukungu, na tusisahau sumukuvu ya mwaka 2016 ilivyoua watu Dodoma na hapa hapa Manyara. Nikamwuliza kama kampuni yake nayo inanunua mahindi, maana isingekuwa sawa kushindana na mwajiri wako ukiwa na funguo zake. Hainunui.

Aliuliza pia kama kuhifadhi ni ile ihtikar iliyokatazwa. Katika madhehebu yetu iliyokatazwa ni kununua chakula wakati wa uhaba, watu wanakihitaji, na kukifungia ili bei ipande zaidi. Anayenunua mwezi wa Julai mahindi yamejaa kila uwanja, akamlipa mkulima bei halali, hayumo. Lakini njaa ikiingia na watu wakakosa kabisa, asiendelee kukaa juu ya magunia, afungue stoo.

Khofu ya kupoteza mtaji, hiyo kwetu si nadharia. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likapita Katesh, Jorodom na hapa Gendabi. Tuliwazika ndugu zetu, Allah awarehemu, na waliobaki wako waliopoteza duka zima asubuhi moja. Kwa hiyo tulikubaliana magunia yasikae chini ya paa moja, na yasikae njia ya maji.

Mpango ukawa hivi. Barua haitumwi baada ya Idi. Kusaini bila kuhesabu kumekwisha tangu wiki hii. Barua ya malalamiko inaandikwa, na miezi saba ya NSSF inafuatiliwa. Deni la shemeji linaanza kulipwa 100,000 kwa mwezi, litaisha kwa miezi minane. Likizo ya mwaka, ambayo kisheria ni siku 28, ataichukua Julai badala ya kuilimbikiza, na siku hizo atanunua magunia 20 tu kwa fedha yake mwenyewe, mshahara ukiwa bado unaingia. Akiuza Desemba ataona faida halisi baada ya mifuko, usafiri na upungufu wa uzito. Kisha mwezi wa tatu mwakani, michango ikiwa imetimia kama zile saba zitarudi, tutakaa tena na daftari.

Lakini nilimwambia mpango huu mimi siukubali mpaka mtu mmoja ausikie. Surat Al-Baqara aya ya 233 inazungumzia kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili, na hata hilo Allah ameliweka kwa kuridhiana na kushauriana baina ya baba na mama. Mtoto kuachishwa ziwa! Nyumba nzima kuachishwa mshahara je?

Na istikhara iwe baada ya hapo. Rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua aliyotufundisha Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya Jabir. Watu wengi wanaiswali kisha wanalala kungoja ndoto ya kijani au nyeupe. Hadithi haikutaja ndoto. Unashauriana, unahesabu, unaswali, kisha unaliendea jambo, na unamwomba Allah alifanye jepesi kama lina kheri na dini yako na maisha yako na mwisho wako, au aliepushe nawe.

Jana alinipigia baada ya daku. Alimweleza mkewe kila kitu, na barua ya kwenye simu akamwonyesha. Mke alinyamaza kwa muda, akasema alijua kuna kitu tangu mwaka wa kwanza, akadhani ameoa mke mwingine. Wakacheka mpaka watoto wakaamka. Kisha akamwambia fedha ya cherehani atatoa 50,000 kwa mwezi, ila kwa sharti daftari likae kwake.

Jumatatu aliripoti kazini kama kawaida. Gari la mbolea liliingia saa nne, akaomba kuhesabu. Msimamizi alifoka sana. Akahesabu. Mifuko ilipungua 11.

Mwenye swali la namna hii anikute kibarazani baada ya Alasiri, na aje na daftari.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.